Swali la Pili

Mwenye nyumba alifungua mlango akiwa na tabasamu la kumpokea mgeni, kisha akachungulia ngazini nyuma ya Sikudhani kuona kama mgeni mwenyewe bado anapanda.

"Ndiyo?"

"Nimekuja kuona nyumba, kirie Thanasi. Tulizungumza asubuhi kwa simu."

"Na nani?"

"Na mimi. Dani."

Kwenye simu alijiita Dani. Jina la Sikudhani Shemhilu lilimlazimu kutaja herufi moja moja mara tatu, na kabla hajafika mwisho nyumba ilikuwa imekwisha kupata mtu. Dani lilipita. Asubuhi ile Bwana Thanasi, kirie kwa Kigiriki, alikuwa amecheka naye kwa simu, wakalaumu joto la Juni la Athene pamoja, akamwambia aje hata saa hiyo hiyo.

"Kumbe ni wewe!" alisema sasa. "Mbona unaongea Kigiriki safi hivyo?"

"Nimezaliwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Kipseli. Mtaa wa nne kutoka kwako."

"Haya, vizuri. Lakini unatoka wapi?"

Sikudhani alitoa kitambulisho chake cha Ugiriki, hati ya kodi ya mapato na karatasi ya mshahara kutoka duka la dawa, vyote ndani ya bahasha ya plastiki. Kirie Thanasi alikishika kitambulisho, akakigeuza nyuma, akakirudisha bila kukisoma.

"Hiki sawa, binti yangu, hiki ni karatasi. Nakuuliza kwa asili."

"Wazazi wangu walitoka Tanzania."

"Aa!" Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Tanzania! Simba, tembo! Ungesema hivyo tangu mwanzo. Na utakaa na nani?"

"Na mama yangu. Wawili tu."

"Wawili leo," alisema kirie Thanasi kwa upole, akicheka kidogo ili ionekane ni mzaha. "Mimi sina ubaguzi, usinielewe vibaya. Ni majirani. Tena kuna mtu jana aliniahidi kuichukua. Nitakupigia."

Hakuuliza namba. Sikudhani alishuka ghorofa zote nne kwa miguu, ingawa lifti ilikuwa inafanya kazi.

*

Ilikuwa nyumba ya sita aliyoikosa. Nyumba waliyokaa miaka kumi na tisa ilikuwa ya Bibi Evanthia, kiria kwa Kigiriki, mjane aliyekuwa akiwaletea mkate wa Pasaka kila mwaka na kuwalipisha kodi ile ile. Kiria Evanthia alifariki Februari. Wanawe walikuja na mtu wa kupima kuta, wakasema pole pole na kwa adabu kwamba nyumba itapangishwa watalii kwa siku, na kwamba kwa mujibu wa sheria wana miezi mitatu ya kuhama. Sasa haikubaki miezi mitatu tena, bali siku kumi na nane.

Bi Mwantumu, mama yake, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikuwa ametoka kusafisha ofisi tangu alfajiri na miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu.

"Wamesemaje?"

"Imeshachukuliwa."

"Ilichukuliwa kabla hujafika au baada ya kukuona?"

"Mama, nawe."

"Mimi nauliza tu." Bi Mwantumu alitupa kiazi kwenye sufuria. "Marehemu baba yako aliposhuka melini bandarini Pirea, walimwuliza unatoka wapi, akasema Tanga, wakampa kazi ya kupaka rangi. Siku zile lilikuwa swali, na lilikuwa na jibu."

"Langu nalo lina jibu. Hawalitaki tu."

Mama yake alichukua kiazi kingine. Aliyajua hayo. Kwa mwanawe swali halikuwa moja. La kwanza lilikuwa la kubisha hodi: unatoka wapi? Akijibu Kipseli, watu hucheka kama amewatania, kisha huja la pili: hapana, kwa asili? Akisema amezaliwa hapa, hufuata wazazi. Akikataa kusema ya wazazi, anayeuliza hununa: "Nimekuuliza kwa wema, mbona unakuwa mkali?" Na akisema Tanzania, uso wa mtu hufunguka, akamtajia mlima, mnyama au mjomba aliyewahi kwenda kutalii, akaondoka ameridhika. Aliyebaki na neno kooni ni yeye. Dukani aliulizwa na wazee waliofuata dawa za presha, akaulizwa na akina mama wenye watoto wachanga, na mara moja na mtu aliyekuwa anatokwa damu puani.

Wala Muheza, kwao mama yake, hakukumwokoa. Walipokwenda kwa bibi yake alipokuwa na miaka kumi na miwili, binamu zake walimzunguka uani kumsikiliza anavyozungumza. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, cha kizamani, lakini kiliimba kwa lahani nyingine. "Wewe wa wapi hasa?" walimwuliza, wakafa kwa kicheko. Mwezi mzima jina lake likawa Mgiriki. Hata hivyo, kila aliposikia harufu ya ndimu iliyokatwa, kitu kilimvuta rohoni kuelekea ua ule wenye mndimu na kicheko kile kile.

*

"Nipe namba yake," alisema Vaso asubuhi yake.

Vaso ndiye mfamasia, mwanamke wa miaka hamsini mwenye sauti ya kuamuru. Alipiga kwa simu ya duka, akaweka spika.

"Nyumba? Ipo, kiria yangu, ipo," ilisema sauti ya kirie Thanasi. "Hapana, hakuna aliyeiwekea ahadi. Njoo hata sasa."

Vaso alivuta pumzi ili atukane. Sikudhani aliikata simu kwa kidole.

"Kwa nini unamwachia?"

"Kwa sababu hata ukimtukana sitahamia kwake."

"Basi niandikishe mimi mkataba kwa jina langu, mkae nyinyi."

"Ili siku bomba likipasuka uitwe wewe useme wanaokaa humo ni akina nani?" Sikudhani alijaribu kucheka. "Asante, Vaso. Nataka jina langu liwe mlangoni."

Mchana, alipokuwa akienda kununua mkate, aliona karatasi ya njano ya kupangisha imebandikwa kwenye mlango wa jengo la mtaa wa Tinu. Namba iliandikwa kwa mkono unaotetemeka. Hakupiga simu. Alibonyeza kengele, ili kama ni kukataliwa akataliwe mara moja.

Aliyefungua alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, mwenye gauni la nyumbani lililopigwa pasi vizuri. Jina lake, alisema, ni Efterpi. Yeye mwenyewe alikaa hapo, ghorofa ya tano. Ya kupangisha ilikuwa ya pili, ya marehemu dada yake. Euro mia nne na themanini. Alizungumza haraka haraka, halafu akamkazia macho Sikudhani.

"Unatoka wapi, binti?"

"Kipseli."

"Hapana. Yaani unatoka wapi?"

Sikudhani alikuwa amesimama tangu asubuhi. Hakukusudia ukali, ila uchovu ulimtangulia.

"Na wewe, kiria Efterpi? Unatoka wapi?"

"Mimi?"

"Wewe. Kwa asili."

Bibi alishika mlango. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni katikati ya barabara.

"Korogwe," alisema.

Sikudhani alidhani amesikia vibaya.

"Ni Afrika," aliendelea bibi, kwa sauti ya chini. "Tanganyika. Huwezi kupajua."

"Mama yangu ni wa Muheza."

"Muheza!" Kiria Efterpi alimshika kifundo cha mkono, akaanza kusema, na maneno yaliyomtoka yalikuwa Kiswahili, kimechakaa na kukatika kama kitambaa kilichokaa sandukuni. "Mimi toto ya Korogwe! Kuja, kuja ndani. Kaa kiti. Ngoja, lete maji... hapana, mimi leta. Mimi leta!"

Alilia akiwa amesimama mbele ya friji, mlango wake wazi, chupa ya maji mkononi.

*

Jumapili saa kumi walikwenda wawili. Bi Mwantumu alivaa gauni lake la Idi na kubeba sahani ya vitumbua iliyofunikwa kwa kitambaa. Tangu Ijumaa alikuwa akiimba. Sikudhani hakuwa amemsikia akiimba tangu baba yake afe.

"Shikamoo," alisema Bi Mwantumu mlangoni, akiinama kidogo kwa sababu mwenyeji alimzidi umri.

"Jambo, jambo!" alijibu kiria Efterpi kwa furaha.

Bi Mwantumu alisita, akatabasamu, akaingia.

Ukutani palikuwa na picha: nyumba yenye veranda pana, mistari ya mkonge ikipotea hadi kwenye vilima, msichana mwenye kofia juu ya bega la mwanamke mweusi aliyevaa kanga. Kiria Efterpi aliwaonyesha moja moja. Baba yake alikuja kutoka kisiwani Lesvo akiwa hana kitu, akapanda mkonge. Shamba lilipotaifishwa, wakarudi Ugiriki. Yeye alikuwa na miaka ishirini na hakuwahi kuiona Athene.

"Kazini kwangu waliniita Mwafrika," alisema, sasa kwa Kigiriki. "Waliniuliza, unatoka wapi wewe, mbona unakunywa chai ya maziwa, unahesabu kwa lugha gani? Niliona aibu, nikajifunza kahawa. Kisha wakaacha. Nina uso kama wao, si ndiyo? Miaka ikaenda, hakuna mtu aliyeniuliza tena. Watu wa Korogwe wote wamekufa. Hata dada yangu. Mimi ndiye niliyetamani mtu aniulize, binti yangu, na wewe umeniuliza."

Akamgeukia Bi Mwantumu, Kiswahili kikamrudia. "Wewe, fungua dirisha. Joto sana."

Bi Mwantumu aliinuka, akafungua dirisha.

"Lete sukari. Jikoni, juu."

Bi Mwantumu akaleta sukari. Sikudhani alihisi damu inampanda usoni. Bibi yule hakuwa na dharau machoni. Macho yake yalijaa raha ya mtu aliyerudi nyumbani. Lakini Kiswahili chake chote kilikuwa hicho: lete, toa, funga, fungua, upesi, pole pole, basi. Alifundishwa lugha ya kutuma, na hakufundishwa nyingine.

"Sikilizeni," alisema kiria Efterpi, akipiga makofi madogo. "Mia nne na themanini msilipe. Lipeni mia mbili. Mama atakuja juu asubuhi, atanipikia, atafua kidogo, tutazungumza Kiswahili. Kama zamani!"

Mia mbili. Sikudhani alimtazama mama yake, akaona kwamba na yeye anapiga hesabu, ya pesa na ya ile miguu iliyovimba. Bi Mwantumu aliweka kikombe chini taratibu.

"Bibi," alisema kwa Kiswahili, polepole ili aeleweke, "baba yangu alikata mkonge miaka ishirini na sita. Alikuwa akirudi kambini jioni, utomvu umemwasha mpaka mabegani, na mama anamtoa miiba kwa sindano. Mgiriki, bosi wake, hakuwa mtu mbaya. Baba alimsifu mpaka kufa. Unajua alimsifu kwa nini? Alijua jina la baba."

Kiria Efterpi aliitikia kwa kichwa, akitabasamu bado.

"Huyu aliyekubeba kwenye picha, aliitwa nani?"

"Yaya."

"Jina lake."

"Yaya..." Tabasamu lilianza kupotea. "Sisi tulimwita Yaya. Alinilea mpaka nikawa na miaka kumi. Alinifundisha nyimbo. Alikuwa na alama hapa, ya moto." Aligusa mkono wake mwenyewe chini ya kiwiko, akaishika sehemu ile. "Kulikuwa na jina. Lazima kulikuwa na jina."

Bi Mwantumu aliinuka.

"Mimi sikuja kutafuta kazi," alisema Bi Mwantumu. "Kazi ninayo. Nilikuja kutafuta nyumba. Vitumbua ni vyako. Kula vikiwa vya moto."

Ngazini Sikudhani alitaka kumkumbatia mama yake na kumgombeza kwa wakati mmoja.

"Mama, zimebaki siku kumi na tano."

"Najua kuhesabu."

"Mia mbili, mama!"

"Na unafikiri mimi sikutaka?" Bi Mwantumu alisimama, akashika ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu. "Aliposema Korogwe, moyo wangu ulikaribia kutoka. Miaka thelathini hapa, hakuna aliyenitajia jina la mahali ninapopajua. Ningempikia bure, wallahi. Lakini kaniona mara moja tu, na tayari kanirudisha kambini."

*

Siku mbili walizunguka bila kupata kitu. Jumatano kiria Efterpi alikuja mwenyewe dukani kwa Vaso, amevaa viatu vya kutokea na mkoba mkononi, akasubiri foleni kama mteja.

"Mia nne na themanini," alimwambia Sikudhani bila salamu. "Mkataba wa miaka mitatu, tuuandikishe kwenye mtandao wa mamlaka ya kodi leo leo, mhasibu wangu anasubiri. Jina lako na la mama yako. Kazi hakuna."

"Mama yangu atataka kujua kwa nini."

"Mwambie bibi amekosa usingizi." Alikuna mkono chini ya kiwiko. "Siku ile ulisema Kipseli nikadhani unanificha kitu. Mimi mwenyewe nilisumbuliwa na swali hilo miaka mitano, na bado nikakuuliza vile vile walivyoniuliza. Ulikuwa umenijibu."

Mzee mmoja kwenye foleni, mwenye cheti cha dawa mkononi, aliinama mbele kwa hamu. "Kwani msichana anatoka wapi?"

"Kirie, presha yako mia moja na sabini," alisema Vaso. "Shughulika na hiyo."

Sikudhani alicheka mpaka akashika meza.

*

Walihamia Jumamosi. Vaso na mumewe waliwapa gari, na kabla ya saa sita vitu vyote vilikuwa ndani. Kwenye kengele ya chini Sikudhani alibandika karatasi, Shemhilu, herufi zote. Kisha akarudi peke yake kwenye nyumba ya kiria Evanthia kukabidhi funguo. Vyumba vilikuwa vitupu na vidogo kuliko alivyovijua. Mafundi walikuwa wameanza kukwangua mlango wa jikoni, pale baba yake alipokuwa akimpima urefu kila Septemba shule inapofunguliwa. Alisimama pale hadi fundi alipomwomba apishe.

Alasiri mtu aligonga.

"Hodi," ilisema sauti ya kizee nje.

Bi Mwantumu aliweka boksi chini. "Karibu."

Kiria Efterpi aliingia na kijibakuli cha ndimu chungu zilizopikwa kwa sukari na vijiko vitatu. Maboksi yalikuwa kila mahali, akakaa juu ya moja. Ulikuwa mwaka wake wa sabini na sita, na aliketi kama mtoto aliyekaribishwa kwa mara ya kwanza kwa watu.

"Mama Sefu," alisema. "Wale wafanyakazi wengine walimwita Mama Sefu. Nimekumbuka usiku. Jina lake hasa silijui. Lakini alikuwa na mwana, anaitwa Sefu, na mimi sikuwahi kujiuliza alikuwa wapi wakati mama yake amenibeba."

"Alikuwa kambini na bibi yake," alisema Bi Mwantumu. "Sote tulikaa na bibi zetu."

Alimpa kikombe cha chai ya maziwa. Kiria Efterpi alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa kabla ya kunywa.

"Na wewe kwenu ni wapi? Muheza ni kubwa."

Bi Mwantumu akaeleza. Alieleza kambi ya pili yenye mabati mekundu, kijito walichofulia kilichoitwa Mkulumuzi na watoto wakakiita Mkulu, reli ndogo ya kubebea mkonge ambayo wasichana walitembea juu yake wakishindana nani hataanguka, na harufu ya majani yanayokamuliwa kiwandani ambayo mgeni huiona uvundo lakini yeye, mpaka leo, akipita karibu na lori la takataka hapa Athene hugeuka kutafuta ni nani amekuja kutoka kwao. Alisema kwa Kiswahili, akavukia Kigiriki, akarudi. Sikudhani alikuwa amekaa sakafuni na mkasi mkononi. Miaka ishirini na mitano alikuwa akiulizwa mama yake anatoka wapi, akawajibu watu neno moja, na hakuwahi kumwuliza mama yake mwenyewe.

Chai ilipoisha, kiria Efterpi alimgeukia.

"Na wewe, binti? Niambie basi. Unatoka wapi?"

Sikudhani aliweka mkasi chini. Akawaza mlango unaokwanguliwa kule kwa kiria Evanthia.

"Kipseli," alisema.

Wanawake wawili walikuwa wakimsubiri. Basi akaendelea. Alisema juu ya ghorofa ya tatu na maji yaliyokuwa yakianza kunguruma bombani kabla hayajatoka. Alisema soko la Jumamosi, na muuza samaki aliyempa pweza mdogo bure kwa sababu baba yake alijua majina ya samaki kwa lugha tano. Alisema uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya kanisa, pale alipovunja jino. Alisema kiria Evanthia, ambaye alimfundisha kusoma roshanini kwa magazeti ya zamani, na kila alipokosea herufi alimpa zabibu moja ili asilie.

"Alikuwa anakupa zabibu ukikosea?" aliuliza kiria Efterpi.

"Ndiyo. Kwa hiyo nilikosea sana."

Bi Mwantumu alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Enhe," alisema bibi, akisogeza boksi lake karibu. "Halafu?"